Demo ilinipa faida, pesa halisi imenila: kilichobadilika ni nini?

*"Mwalimu, nimefanya demo miezi minne kwenye EUR/USD, chati ya dakika 5, S/L pipsi 8 na T/P pipsi 8. Kutoka dola 10,000 nilifika 13,360 kwa treidi 212. Nikaweka dola 300 za kweli kwa M-Pesa, ndani yake mna karo ya mtoto ya muhula ujao, na mama watoto hajui. Wiki tatu, zimebaki 117. Mfumo ni uleule! Broka ananichezea? Nirudi demo, au niongeze mtaji maana 300 ni kidogo? Nimeambatisha historia zote mbili na picha za daftari langu."*

Ndugu yangu, kwanza ahsante kwa daftari. Watu wengi huniletea historia ya akaunti peke yake, na historia hiyo inaonyesha bei uliyopewa tu, haionyeshi bei uliyoitaka. Wewe uliandika bei uliyoilenga kabla ya kubonyeza, treidi kwa treidi, hadi ulipoanza kuchoka kwenye wiki ya tatu. Kwa hiyo kwako naweza kutenganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida huchanganyika vikawa lawama moja: kilicholiwa na namna oda zako zilivyojazwa, na kilicholiwa na mkono wako mwenyewe.

Nimekaa na makaratasi yako jioni mbili. Kwenye akaunti halisi una treidi 46. Thelathini na nne ziliingia kwa masharti ya mfumo wako, kwa loti 0.05, yaani kila pipsi ni senti 50. Kumi na mbili hazimo kwenye mfumo kabisa; nitazirudia. Tuanze na oda, kwa sababu hapo ndipo shaka yako ilipo.

Kwenye demo, ukibonyeza Buy, hakuna mtu upande wa pili. Seva inatazama bei ya mwisho iliyonayo na kukuandikia hiyo. Uagize loti 0.05 au loti 50, jibu ni lilelile. Kwenye akaunti halisi oda yako inasafiri kwanza. Bei unayoiona kwenye simu tayari ina umri kidogo inapokufikia, kisha kubonyeza kwako nako kunachukua muda kufika kwenye seva, ambayo mara nyingi iko London. MT5 ya kompyuta inakuonyesha safari hiyo kwa milisekunde, kwenye kona ya chini kulia. Ikiwa namba ni 180, basi ni karibu moja ya tano ya sekunde, na ndani ya muda huo soko halikusubiri. Kwa loti 0.05 tatizo si ukubwa wa oda yako, soko la EUR/USD halikuoni. Tatizo ni muda.

Hapo sasa pana jambo ambalo watu wengi hawalielewi, wakaishia kumtukana broka. Mfumo wako unaingia pale bei inapovunja kiwango na kuanza kukimbia. Ukinunua, unanunua wakati bei inapanda kwa kasi. Ukiuza, unauza wakati inashuka kwa kasi. Kila milisekunde inayopita, basi, bei inakukimbia kuelekea upande uleule unaoutaka, na wewe unaipanda ikiwa imeshasogea. Slipeji yako, yaani tofauti ya bei uliyoitaka na bei uliyopewa, haitakuwa nusu kwa nusu, nzuri na mbaya. Itakuegemea upande mbaya hata kwa broka mwaminifu kabisa, kwa sababu umechagua kuingia katika dakika zenye haraka. Anayesubiri bei irudi nyuma na kuweka oda ya kusubiri hapo hapati tatizo hili. Yeye ana lake: kwenye demo oda yake hujazwa bei ikiigusa tu, na kwenye soko halisi bei inaweza kuigusa na kugeuka bila yeye kujazwa, na treidi hizo zilizogeuka palepale ndizo zingekuwa nzuri kuliko zote.

Daftari lako linasema hivi. Kati ya treidi 34, ulipewa bei mbaya kuliko uliyoilenga mara 21, bei ileile mara 8, na bei nzuri zaidi mara 5. Kwa wastani uliingia nusu pipsi nyuma ya ulipotaka. Kwa kuwa S/L, kikomo cha hasara, na T/P, lengo la faida, ulishazipanga kwa bei za kwenye chati, nusu pipsi hiyo inakukata pande zote mbili: treidi inayofika T/P inakulipa 7.5 badala ya 8, na inayofika S/L inaanza na hasara ya 8.5.

Kisha S/L yenyewe. Stop Loss si ahadi ya bei. Ni maagizo yanayosema, bei ikifika hapa, nitoe kwa bei itakayokuwepo. Fungua History, upande wa Deals, utafute treidi yako ya tarehe 9. Maelezo yake yanasomeka `[sl 1.08420]`, lakini safu ya Price inasema 1.08415. Ulitaka kutoka 1.08420, ukatolewa 1.08415. Nusu pipsi nyingine. Hiyo ndiyo wastani wa stop zako zote za kawaida, kwa hiyo hasara uliyoipanga kuwa 8 imekuwa 9.

Katika siku ngumu pengo hilo huwa si nusu pipsi. Tarehe 15 Januari 2015, benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha 1.20 ilichokuwa ikikilinda kwenye EUR/CHF. Bei ikaporomoka bila kupitia katikati, na waliokuwa na stop karibu na 1.20 wakajaziwa mbali sana chini yake. Wako waliobaki wakidaiwa na broka wao. Stop zao zilikuwepo na zilifanya kazi yake. Hakukuwa na mtu wa kununua kwa bei ile.

Sasa ile treidi uliyoizungushia kalamu nyekundu na kuandika "Hapa wamenipiga!" Uliuza kwa 1.08352, S/L 1.08432. Ukalala. Asubuhi ukakuta umetolewa saa sita na dakika nne usiku, na ukiangalia chati, kilele cha usiku ule ni 1.08391, pipsi nne chini ya stop yako. Naelewa kwa nini uliona umeibiwa. Lakini chati ya MT5 inachora Bid, bei ya kuuzia. Anayeuza hufunga treidi kwa kununua, na anayenunua ananunua kwa Ask. Saa sita usiku kwa saa zetu, majira ya joto ya Marekani, ni saa kumi na moja jioni New York, ndipo siku ya soko inapofungwa na mabenki kupunguza bei wanazotoa. Spredi, yaani pengo kati ya Bid na Ask, ambayo mchana ni chini ya pipsi moja, hupanuka. Usiku ule, kwa rekodi ya bei niliyoiangalia, ilifika pipsi 4.5. Jumlisha kwenye 1.08391 unapata Ask ya 1.08436, na stop yako ya 1.08432 imeshapitwa. Hakuna aliyekuwinda. Bonyeza F8 kwenye chati, weka alama kwenye mstari wa kuonyesha Ask, na usiku mmoja uangalie mstari huo ukiruka saa hiyo. Baada ya Marekani kurudisha saa nyuma, jambo hilo hilo hutokea saa saba usiku. Demo za broka wengine huonyesha kupanuka huku na za wengine hazionyeshi, na ndiyo sababu kwako limekuja kama tukio geni.

Je, broka hawezi kucheza rafu? Anaweza, na sitaki uondoke na wazo kwamba wote ni wema. Dalili ninazozitafuta ni hizi: bei za kuingia ambazo hazijawahi hata mara moja kuwa nzuri kwako katika treidi thelathini au arobaini, stop iliyopigwa kwa bei ambayo broka mwingine hakuwa nayo sekunde ileile hata kwenye Ask, na kuchelewa kujaza kunakotokea pale tu unapoanza kupata faida. Wewe una mara 5 za bei nzuri, na stop tatu ulizozilalamikia nimezilinganisha na rekodi ya broka wengine wawili, zote ziko sawa. Ukiwahi kuona dalili hizo, mwandikie broka ukitaja namba ya oda na muda hadi sekunde, uombe rekodi ya bei ya wakati huo. Kwa kuwa uko Kenya, hakikisha kwanza jina lake limo kwenye orodha ya madalali wa forex wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Kanuni za mwaka 2017 ndizo zilizoiweka biashara hii ya mtandaoni chini yake, na malalamiko yako yatakuwa na pa kupelekwa. Asiyekuwa na leseni hiyo, ukidhulumiwa utabaki na picha za skrini tu.

Basi tupige hesabu ya oda peke yake. Kwenye demo, kwa ushindi wa asilimia 60, kila treidi ilikuletea wastani wa pipsi 1.6. Hiyo ndiyo faida nzima ya mfumo wako, pipsi moja na nukta sita. Kwa bei halisi, ukishinda unapata 7.5 na ukishindwa unatoa 9. Kwa asilimia zilezile 60:

```
0.60 x 7.5 - 0.40 x 9 = 0.9
```

Karibu nusu ya faida imeondoka, na wewe hujakosea chochote bado. Kwenye demo ungeweza kushinda nusu ya treidi zako na usipoteze kitu. Sasa unahitaji kushinda karibu asilimia 55 ili tu usimame palepale. Mwenye stop ya pipsi 25 na lengo la pipsi 25 analipa gharama hiyohiyo, lakini yeye anahitaji asilimia 51 na nusu tu. Pipsi moja kwenye nane ni kitu kingine kabisa na pipsi moja kwenye ishirini na tano. Hili ndilo jambo ambalo demo haiwezi kukufundisha kwa mtu anayetreidi masafa mafupi, na ndilo ningetaka ulishike kabla ya kusoma zaidi.

Lakini angalia kwa dola. Kati ya treidi zako 34, kwenye zile 19 ulizoziacha zifike T/P au S/L uliyoipanga, kujazwa vibaya kumekula pipsi 15, yaani dola 7.50. Ukiongeza zile 12 za nje ya mfumo, ambamo mna ile ya Ijumaa nitakayoieleza, jumla ni dola 27. Umepoteza 183. Zilizobaki zote zimepitia mkononi mwako.

Twende nazo. Kati ya zile 34, treidi 8 uliziacha zikafika T/P. Kumi na mbili ulizifunga mwenyewe kabla hazijafika, kwa wastani wa pipsi 3.5. Nilifuata chati ya kila moja kuona ingeishia wapi: 10 zingefika lengo, 2 zingerudi na kupiga stop. Kwa hiyo hofu yako ilikuwa sahihi mara mbili, na kwa mara hizo mbili ulilipa pipsi 22 jumla. Kwenye demo, kati ya treidi 212, ulifunga kwa mkono ngapi? Nimehesabu. Nne.

Halafu kuna tatu ambazo bei ilipokaribia S/L uliisogeza mbali. Zote tatu zilikwenda hadi pipsi 20. Hapo pameondoka pipsi 36 zaidi ya mpango. Tatu tu, lakini zimekugharimu zaidi ya mara mbili ya slipeji ya zile treidi 19.

Yaani unafunga haraka kinachokupa na unakingojea kinachokunyonya. Usijione wa ajabu. Hersh Shefrin na Meir Statman waliieleza tabia hii mwaka 1985, na Terrance Odean alipochambua akaunti 10,000 za wateja wa dalali mmoja wa hisa wa Marekani, kazi aliyoichapisha 1998, aliikuta: watu huuza hisa zilizopanda kwa wepesi kuliko zilizoshuka. Kabla yao, 1979, Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameonyesha chanzo chake. Shilingi inayopotea inauma zaidi kuliko shilingi ileile inavyofurahisha ikipatikana, na mtu akishakuwa upande wa hasara huwa tayari kucheza bahati ili tu arudi kwenye sifuri. Hasara iliyo wazi bado ina tumaini; ukiifunga inakuwa imetokea. Ndiyo maana mkono unasogeza stop. Na faida ya dola 1.75 iliyo mbele ya macho inaweza kuyeyuka, ndiyo maana mkono unaifunga.

Kwenye demo mambo haya hayakukupata kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuuma. Ulipoteza dola 80 kwa treidi moja na ukaendelea kunywa chai. Kwenye akaunti halisi stop yako nzima ilikuwa dola 4, na hukuweza kuivumilia, kwa sababu dola 4 zile zilikuwa na jina. Ulishaziita karo. Nidhamu uliyokuwa nayo miezi minne haikuwa ya uongo, ila haikuwahi kuwekewa mzigo.

Sasa zile 12. Zimekula dola 154.50, na karibu zote zina historia moja: zimefunguliwa ndani ya dakika ishirini baada ya hasara, kwa loti 0.10, kisha 0.15, kisha 0.20. Nichukue ile Ijumaa. Saa tisa na dakika kumi na mbili ulipigwa stop ya kawaida. Saa tisa na dakika ishirini na nane ukafungua Buy ya loti 0.20. Saa tisa na nusu alasiri, katika majira ya joto ya Marekani, kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, Marekani inatoa takwimu za ajira. Bei iliruka. Stop yako ilikuwa pipsi 8, ukajaziwa 14.5. Slipeji ya pipsi 6.5 kwa dola 2 kila pipsi ni dola 13, na hasara nzima dola 29. Kwenye daftari hakuna bei iliyolengwa hapo. Hakuna kitu kilichoandikwa, ni mstari mtupu.

Treidi hii ndiyo inayonionyesha jinsi vitu viwili tulivyovitenganisha vinavyokutana. Slipeji ile haikukufuata. Wewe uliifuata, kwa saa ambayo kalenda ilikuonya, kwa ukubwa ambao mfumo wako haujawahi kuutumia. Mtu mwenye hasira huingia sokoni pale ambapo soko lina hasira pia, kwa sababu mwendo mkubwa ndio unaoonekana kuweza kurudisha pesa haraka, na hapo ndipo oda hujazwa vibaya kuliko wakati wowote. Ukinisimulia siku hiyo bila makaratasi ungesema broka alikupa bei mbaya, na ungekuwa unasema kweli.

Najua hali hiyo kwa mwili wangu. Akaunti yangu ya kwanza ya pesa halisi niliipoteza mchana mmoja, nikiwa nimesimama nje ya ofisi na simu mkononi, nikiongeza loti kila nikipigwa. Nakumbuka sikuhisi hasira wala woga. Nilihisi kazi, kama mtu anayezima moto. Hiyo ndiyo sababu huwa siwaambii watu "dhibiti hisia zako". Wakati ule huoni hisia yoyote ya kudhibiti. Kinachosaidia ni mipaka uliyoiweka kabla, ukiwa umetulia, na namba inayokukataza.

Kuhusu maswali yako ya mwisho. Kuongeza mtaji: hapana, na sina "lakini". Dola 300 hazikuwa kidogo kwa stop ya dola 4. Hiyo ni asilimia 1.3 ya akaunti, kiasi cha kawaida. Kilichokuumiza ni 0.20, na mtaji mkubwa ungekuruhusu tu kufika 0.50. Kumbuka pia walio kwenye shughuli hii kwa ujumla. Mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilipopunguza mkopo wa broka mwaka 2018, ilitaja kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za watu binafsi kwenye bidhaa hizi hupoteza pesa. Hao wote hawakukosa mtaji.

Kurudi demo: kwa sehemu. Demo itakusaidia ukitaka kujaribu mfumo mpya, tuseme uleule kwenye chati ya saa moja ukiwa na stop na lengo la pipsi 25. Ningependa uujaribu, kwa ile sababu ya asilimia 51 na nusu. Ila fahamu kuwa mfumo unaofanya kazi kwa dakika 5 haulazimiki kufanya kazi kwa saa moja, itabidi uupime upya kutoka mwanzo. Kwa hisia, demo haina la kukufundisha tena.

Kuna njia ya tatu, nayo ndiyo ningeifuata. Dola 117 zilizobaki, ziache humo ikiwa tu karo imeshapatikana kwingine. Ikiwa haijapatikana, zitoe leo, makala iishie hapa. Ikiwa imepatikana, treidi 60 kwa loti 0.01. Kila pipsi ni senti 10, stop nzima ni senti 80 au 90. Ukikosea sana, ukashinda 24 tu kati ya 60, utakuwa umepoteza dola 14.40. Usiongeze loti hata mara moja. Ukipigwa stop mbili kwa siku, siku imekwisha. Usiwe na treidi wazi saa tisa na nusu ya Ijumaa ile, wala inapokaribia saa sita usiku. Wengine watakuambia senti 80 haifundishi hisia. Jaribu. Utashangaa jinsi kidole kinavyotaka kufunga kwa senti 30, na hapo utakuwa unajifunza kwa bei unayoweza kuilipa.

Endelea na daftari, ila lifanye la safu nne: bei niliyoilenga, bei niliyopewa, mfumo ungenipa pipsi ngapi, nimepata pipsi ngapi. Tofauti ya safu mbili za kwanza ni gharama ya kujazwa. Tofauti ya mbili za mwisho ni wewe. Gharama ya kujazwa utaijua vizuri ndani ya treidi 50, kwa sababu haibadilikibadiliki sana. Asilimia ya ushindi ni kitu kingine. Kwenye zile 34 mfumo ungeshinda 18, asilimia 53, na huenda hiyo ikakutisha ukiilinganisha na 60 za demo. Kwa treidi 34, tofauti hiyo inaweza kuletwa na bahati pekee. Itahitaji mamia kabla hujasema mfumo umekufa au ungali hai. Lakini ikiwa baada ya treidi nyingi unakaa kwenye 53, kumbuka unahitaji 55 kusimama palepale. Hapo utauacha, hata kama ulifanya kila kitu kwa usahihi.

Na jambo moja ambalo halimo kwenye historia uliyonitumia ila limo kwenye barua yako: umesema mama watoto hajui. Mwambie wiki hii, kabla ya treidi ya kwanza kati ya hizo 60. Siri ya karo ni mzigo unaoweka haraka kwenye kila oda. Na ukijikuta umekopa kwenye simu ili uweke pesa, au unaamka usiku kufungua chati, au umefungua loti kubwa tena huku ukijiambia ni ya mwisho, basi funga akaunti na umtafute mshauri nasaha ana kwa ana. Hospitali ya rufaa ya kaunti yako ni pa kuanzia; waeleze kama ungeeleza mtu aliyeshindwa kuacha kamari, wataelewa. Mimi kwa maandishi naweza kukusomea daftari. Hilo lingine linataka mtu anayekutazama machoni.

Kwa mwendo wako wa treidi mbili tatu kwa siku, 60 zitakuchukua kama wiki tano. Nitumie picha za safu zile nne, na kurasa ulizoacha mistari mitupu zitume pia.